Kitambaa Cheupe cha Skolastika

Kwa ulimi, Skolastika wa Mitwero hakuwa na mpinzani. Asubuhi aliuza vitumbua stendi ya Lindi, na penye msiba wa watani wa kabila lake, marehemu hakuzikwa mpaka yeye azuie jeneza, amwigize marehemu alivyokuwa akipiga chafya, watu wacheke huku wanalia, kisha wampoze kwa sarafu ndipo apishe njia. Tangu ujana wake hakuna mtani aliyewahi kumnyamazisha, na sifa hiyo aliivaa kama kanga mpya.

Mwaka ule upepo uliezua paa la chumba cha zahanati cha wajawazito wanaotoka mbali kungojea siku zao. Serikali ilikwisha kusema wananchi wachangie. Skolastika akaamka na wazo lililomkosesha hata hamu ya chai: hafla ya utani katika darasa kubwa la shule ya msingi. Anayetaka kutaniwa alipe mwenyewe, fedha iende kwenye bati za paa.

"Watu walipe ili watukanwe?" aliuliza Damiani, mweka hazina wa kamati ya zahanati.

"Wataniwe, Damiani. Kutukanwa ni bure, hata nyumbani kwako unapata."

Kamati ilicheka, na hapo hapo wakaweka masharti. Kila mtu ajilipie yeye, asimlipie mwenzake. Achague mtani wake, na amweleze faraghani lisiloguswa. Apewe kitambaa cheupe. Akikiinua, utani unakoma papo hapo. Na mtani asiondoke mbele kabla ya kumalizia kwa wema mmoja wa kweli wa yule aliyemtania.

"Anayeinua kitambaa alipe tena," alisema Damiani. "Si ndiyo mila? Msibani hunyamazi bila sarafu."

Skolastika alisita, maana mila hiyo ndiyo iliyomlea. "Msibani tunajuana tangu mababu," alisema hatimaye. "Hapa atakaa bosi na kibarua wake. Asiye na hela ya pili aumie tu? Hapana. Kukoma ni bure."

Akaenda kwa Bakari, mnunuzi wa korosho. Tangu biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wenye magari ya mizigo wote walimtazama yeye kwanza. Bakari alijipapasa kidevu.

"Nikiinua hicho kitambaa, Bi Skola, si nitachekwa mpaka Nachingwea? Mwanaume hainui. Nitakuja kutazama. Nikimwona aliyeinua akabaki na heshima yake, nitalipa, na wenzangu watalipa."

Siku ilipofika, darasa lilifurika mpaka madirishani. Skolastika alijilipia wa kwanza, akaketi mbele, akamchagua Brigita, muuguzi wa zahanati. Faraghani alikuwa amemwambia kwa majivuno: "Gusa lolote."

"Shikamoo, mama," Brigita alianza kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu."

"Jamani, huyu mama! Mbwa wa stendi alikiokota kitumbua chake, akaenda kukizika. Alidhani ni mfupa!"

Watu wakapiga madawati. Skolastika alicheka mpaka machozi.

"Na mumewe alipohamia Masasi, mlidhani kafuata kazi? Alifuata usingizi! Ulimi huu haulali!"

Darasa lililipuka. Skolastika naye alifungua kinywa acheke, akakifunga. Hakujua kwamba jeraha la kuachwa na mumewe bado bichi. Kitambaa kilikuwa mapajani. Akiinua, sifa ya maisha yake imekwisha. Asipoinua, nani mwingine atathubutu? Mlangoni Bakari alikuwa amesimama, anatazama mkono wake tu.

Akainua.

Brigita alifunga mdomo katikati ya neno. Damiani, kwa mazoea ya misibani, akaropoka: "Alipe!"

"Silipi," alisema Skolastika. "Nimesema basi. Basi yangu haiuzwi."

Brigita akapiga magoti mbele yake. "Samahani, mama. Mimi mwenyewe," akawageukia watu, "nilizaliwa kwa sababu yake. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Alimpakia mama yangu kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye matope hadi zahanati. Hakuwahi kudai hata ahsante."

Wanawake wa nyuma walianza vigelegele, vikazagaa hadi nje. Hakuna aliyemcheka. Ulimi usiojua kukoma ni uchokozi. Siku ile watu waliona heshima ya kukoma.

Bakari alipenya katikati ya watu, kofia mkononi, akalipa kwa Damiani, wenye magari wakimfuata. Alimchagua Skolastika, akamnong'oneza jambo moja lisiloguswa, akaketi.

"Mizani ya huyu bwana," Skolastika alianza, uso ukiwa umeng'aa tena, "ukipanda wewe mzima, inasoma mifupa mitupu, inasema umekufa zamani!"

Bakari alicheka mpaka akashika mbavu. Alipotaniwa juu ya gari lake linalosukumwa kila asubuhi, aliinua kitambaa, kwa kuchoka kucheka tu, na watu wakampigia makofi kama bwana harusi.

Bati zilipanda juu ya chumba cha wajawazito kabla ya mvua za msimu. Na tangu hapo, Skolastika akienda msibani kutania, humpa mfiwa kwanza kitambaa cheupe.