Sifuri ya Glodie

Asista Katongo, mwalimu musaidizi, anafundisha hesabu huku chuo kikuu cha Kasapa, miye ndiye ninamuchapia, ijapo miye na hesabu hatupatani. Tulikuwa tunageuza karatasi zake za mazoezi kuwa kijitabu cha majibu. Chini ya kila hatua anataja kosa ambalo wanafunzi hufanya sana, na makosa hayo anayachota ndani ya kopi za zamani, zile karatasi za majibu ya mitihani.

Asubuhi moja akashika kopi ya Glodie, mwanafunzi wake wa zamani, akaisoma upya. Swali lilikuwa x³ = 4x. Glodie alipata 2, −2 na 0. Asista alikuwa amekata ile 0 kwa wino mwekundu, kwa sababu yeye mwenyewe aligawanya pande zote kwa x, akasahau kwamba x inaweza kuwa 0.

"Alianguka kwa pointi moja," akasema. "Alisimama hapo mulangoni mara tatu: 'Asista, angalia tena.' Nikamufukuza. Akarudi kwao Kasenga."

"Sasa niandike nini?"

"Kosa la kawaida: kugawanya kwa x na kupoteza sifuri. Ongeza: mwalimu alilifanya."

Kijitabu kilishatoka. Mpaka leo, mtu akibisha mulango, Asista anaacha kalamu. "Ingia, Glodie."

Anaingia mtu mwingine.