Rangi Asiyoiona Bi Odessa

"Shoga, huyo bibi yako wa maabara anapika namba," Raylene alisema kutoka upande wa pili wa uzio, vibanio vya nguo mdomoni. "Binti yangu kapima ile juisi yenu shuleni. Darasa zima wameipima. Vitamini C haifiki ilipoandikwa kwenye boksi."

Nereida alikuwa anaanika shuka za mwanawe. Mkono ukakwama kwenye kamba.

"Boksi likikaa wazi vitamini inapungua, Raylene. Hewa inaila. Hata mtoto anajua."

"Walilifungua palepale, mwalimu akishuhudia. Iodini ya duka la dawa na wanga wa mahindi, basi." Akacheka. "Na wewe unamwacha mwanao Dario anywe maji ya rangi huko chekechea. Haya, mtetee."

Nereida akaokota beseni lake. Lakini maneno yale yaliingia naye ndani, yakakaa naye mezani. Chekechea ya Dario hupata juisi kutoka kiwanda hichohicho anachofanyia kazi Nereida, kama chekechea zote za wilaya ile ya Florida, na kuna watoto ambao tunda lao la siku ni hilo tu.

Bi Odessa Pruitt, huyo bibi wa maabara, aliingia kiwandani akiwa msichana, akichambua machungwa kwenye mkanda, mabovu huku, mazima kule. Mkemia wa zamani alimwona ana mkono usiotetemeka, akamvuta maabara. Mkemia alistaafu, mwingine akaja akaondoka, Bi Odessa akabaki. Alimzika mume, akasomesha mabinti wawili wakahamia mbali, na kila asubuhi alikuja na karanga za kuchemsha ndani ya mfuko wa karatasi, za maabara nzima, ingawa maabara nzima ilikuwa yeye na Nereida.

Nereida aliletwa aoshe vyombo vya kioo. Bi Odessa ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, mikono ya kuosha tu itakuzeesha. Njoo uone." Akamfundisha kuchuja juisi kwa kitambaa, kunyonya kipimo kwa mrija, kuongeza maji safi na matone ya wanga. Halafu bureti, ule mrija mrefu wenye alama na koki chini, unaojazwa iodini ya rangi ya chai kavu.

"Iodini ikidondoka, vitamini C inaimeza," alimweleza siku ile ya kwanza. "Inaimeza, inaimeza, mpaka yenyewe inakwisha. Tone linalofuata halina wa kulimeza, basi linamkuta wanga, na wanga anageuka bluu. Hapo unafunga koki. Iodini iliyoingia ndiyo inakwambia vitamini ilikuwa kiasi gani."

Alikuwa na sharti moja. Koki ikiwa wazi, hakuna kusema. Hata Bwana Hollis, msimamizi, akiingia wakati ule husimama mlangoni kama mtu aliyechelewa ibada. Neno moja, alisema Bi Odessa, na jicho linaruka tone.

Asubuhi ile baada ya maneno ya Raylene, Nereida aliangalia kwa macho mapya, na akajichukia kwa hilo.

Kwanza Bi Odessa alipima maji ya vitamini C aliyoyatengeneza mwenyewe kwa uzito anaoujua, ili ajue iodini ya siku hiyo ina nguvu gani. Maji yale hayana rangi. Bluu ilipotokea, akafunga koki palepale, safi kabisa. Nereida akapumua. Raylene na umbea wake!

Ikaja juisi ya tangi la pili. Chupa juu ya kigae cheupe, mkono wa kushoto wa Bi Odessa ukiizungusha polepole, wa kulia kwenye koki. Tone, tone. Njano ya juisi ikafifia, ikawa chafu, ikaingia kijani cha kiza na ikabaki hivyo. Nereida akangoja koki ifungwe.

Haikufungwa.

Tone jingine. Jingine. Bi Odessa aliinamia chupa mpaka pua ikakaribia kioo. Nereida alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga. Koki ilipofungwa hatimaye, juisi ilikuwa nyeusi kama maji ya mkaa.

"Hiyo hapo," Bi Odessa alisema kwa furaha. "Imevuka mstari, kile kiasi cha kwenye boksi. Waambie wapakie lori."

Nereida hakutoka. Vitu vidogo vilikuwa vinakuja kichwani vyenyewe: Bi Odessa aliposifu blauzi yake mpya "nyeusi", na ilikuwa ya bluu; kahawa aliyoimimina nje ya kikombe; siku hizi kutaka kurudi nyumbani jua likiwa bado juu. Kwenye maji meupe jicho lake lilitosha. Ndani ya njano ya machungwa bluu ilikuwa inampotea, na kila tone la ziada lilihesabiwa kuwa vitamini.

"Bi Odessa, ngoja nirudie hii. Nijizoeze."

"Jizoeze, lakini upesi. Hollis anapiga honi kwa mdomo huko nje."

Bi Odessa akaenda kunawa. Nereida akachukua juisi ileile, akaweka wanga, akafungua koki. Kijani cha kiza kilipotokea, akazungusha, hakikuondoka. Akafunga. Akasoma alama, akapiga hesabu, akaipiga tena. Chini ya mstari. Si mbali, lakini chini.

Aliwaza kuongeza matone machache. Nani angejua? Mwanamke huyu alimtoa kwenye karo la kuoshea akampa kazi ya kujivunia. Wakimwondoa, atakwenda wapi na zile karanga zake? Halafu akamwona Dario ameshika kikombe kwa mikono miwili, akinywa kwa kuamini.

"Mbona umenyamaza?" Bi Odessa alikuwa nyuma yake. "Koki si imefungwa? Sema."

"Imekuja chini, Bi Odessa."

"Umefunga mapema."

"Sijafunga mapema."

Bi Odessa akainua chupa kuelekea dirishani, akaileta karibu, akaipeleka mbali. "Rangi gani hii?"

"Imeshageuka. Kijani kuelekea bluu. Ya kiza."

"Mimi naona juisi tu. Labda imechafuka kidogo." Akaishusha polepole juu ya kigae. Akakaa kwenye kiti, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti ingawa haikuwa na uchafu. "Daktari alisema mtoto wa jicho. Akasema nipasuliwe. Nikamwambia nitakuja machungwa yakiisha msimu." Akacheka bila sauti. "Machungwa ya Florida, mwanangu, hayaishi."

"Unaweza kupasuliwa, Bi Odessa. Watu wanapasuliwa wanaona."

"Naweza. Na juisi ambayo watoto wameshainywa?"

Nje lori lilikuwa linaunguruma, na Bwana Hollis akasukuma mlango. "Bibi wee! Namba! Dereva atanila mzimamzima."

Bi Odessa aliinua kiganja, na kwa mazoea ya miaka Hollis akanyamaza. Bibi akasimama, akasogea pembeni ya meza, mahali ambapo Nereida husimama siku zote. Akaisukuma chupa safi kwake.

"Pima tena, Hollis akiwa hapa," alisema. "Kisha pima sampuli zilizobaki za matangi yote niliyopitisha wiki hii. Andika unachokiona wewe. Na nakuomba, Nereida, usinionee huruma hata tone moja."