Kadi Nilizozipeleka Mbali

Mume wangu alipofunikwa na udongo kwenye shimo alilochimba madini, mwezi wa kumi na mbili, aliniachia simu yake na mdogo wake wa kike. Simu ilikuwa na ufa kwenye kona. Mdogo wake alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, sayansi, finalisti kama tunavyowaita wote wanaongojea mtihani wa taifa.

Padri wa parokia yetu hapa Kolwezi alikuwa ametangaza baada ya misa kwamba finalisti wa parokia atakayepata asilimia sitini au zaidi atalipiwa mwaka wa kwanza wa udaktari Lubumbashi. Hamsini ilitosha kupata diploma. Sitini ndiyo ilikuwa Lubumbashi. Msichana aliandika 60 kwa kaa la moto lililozimika, ukutani, mahali alipolaza kichwa.

Mimi niliishia mwaka wa tatu. Nilikuwa nauza mboga sokoni na kazi yangu kwa mtihani ule ilikuwa kumwachia simu.

Ndani ya simu mlikuwa na programu ya kadi. Mwalimu wa kemia shuleni kwa msichana aliipitisha kutoka simu moja hadi nyingine, wala haikuhitaji intaneti. Swali linatokea, unafikiri, unagusa, jibu linafunguka, na chini yake kuna vitufe vinne kwa Kifaransa: À revoir, Difficile, Correct, Facile, yaani kurudia, ngumu, sawa, rahisi. Hakuna anayekusahihisha. Ni wewe unayesema kama ulikumbuka au hukukumbuka. Ukisema umesahau, kadi inarudi baada ya dakika chache. Ukisema umekumbuka, inarudi baada ya siku chache, halafu baada ya wiki, halafu mwezi, kila mara mbali zaidi, ili ikukute karibu na kusahau.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: kila asubuhi kuna namba, na msichana hanywi chai mpaka namba iwe sifuri.

Kadi alizitengeneza mwenyewe kutoka kwenye madaftari yake tangu mwezi wa kumi. Nyingine aliziandika mume wangu. Alikuwa akirudi kutoka shimoni, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anakaa, mdogo wake anamsomea, yeye anaandika kwa kidole kimoja. Chini ya jibu aliongeza maneno yake. Kwenye kadi ya fomula ya malakiti, jiwe la shaba alilokuwa akichimba, aliandika: «Hii njo inatulisha. Ukiisahau, usikule.» Msichana alikuwa akicheka peke yake, nami nikajua amefika kwenye kadi ya kaka yake. Baada ya msiba aliendelea kucheka, kwa sauti ndogo zaidi.

Karibu na Pasaka walikuja watu wenye makopo ya rangi nyekundu. Mgodi ulikuwa unapanuka, na kila nyumba ya mtaa wetu ilichorwa msalaba. Tuliambiwa tuhame. Wengine walilia, wengine walianza kung'oa mabati yao siku ileile kabla mashine hazijafika. Nilimpeleka msichana Fungurume kwa mjomba wake kwa likizo, ili asome mahali pasipo vumbi la kubomoa. Alichukua madaftari. Simu haikwenda, kwa sababu namba ile ndiyo iliyoandikwa kwenye orodha ya wale watakaopigiwa kuhusu viwanja vipya.

«Yaya, kadi je?» aliniuliza kwenye kituo cha mabasi. Aliniita yaya, kama mkubwa wake wa kuzaliwa.

«Utazikuta.»

«Zitakuwa mingi. Nikikuta mingi sana, moyo inakufa. Rafiki yangu alikuta mia tano, akaacha kabisa.»

Maneno hayo niliyabeba.

Wiki mbili zikawa tatu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la ofisi Manika, pamoja na wanawake wengine wa mtaa, tukingoja kuitwa kuhusu viwanja. Nilifungua programu kuangalia namba. Mia tatu na kumi na mbili. Niliogopa kama mtu aliyekuta maji yameingia ndani. Nikaona kwamba ukigusa, namba inashuka moja. Nikafikiri ni kazi kama kuosha vyombo vya mtu aliye safarini. Akirudi akute meza safi, atafurahi.

Kulikuwa na vitufe vinne. Nilipobonyeza cha kwanza, kadi ilirudi. Nilipobonyeza cha mwisho, ilikwenda. Facile ni neno ninalolijua. Nikabonyeza Facile, Facile, Facile. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza, «Mama, unaandikia nani barua yote ile?» Nikamwambia namsaidia mutoto kwa masomo. Nilisema kwa majivuno, na hilo silisahau. Sikusoma hata swali moja. Hata za mume wangu zilipita chini ya kidole changu na sikuziona.

Siku ya pili nilimaliza. Tangu hapo kila asubuhi niliosha zile chache zilizotokea.

Msichana aliporudi tulikuwa tayari kwenye chumba cha kupanga, upande mwingine wa mji. Alifungua simu, akakuta kumi na tisa.

«Ah! Kumi na kenda tu?»

«Simu ilikuwa imezimwa,» nilisema. «Labda ilisimama.»

Sijui kwa nini nilidanganya. Nilikuwa nimetaka anishukuru, halafu nikaona haya ya kudai shukrani. Uongo ulikuwa mdogo sana, na yeye alikuwa na furaha. Akaendelea na zile chache, akaongeza mpya, akanywa chai mapema.

Mwishoni mwa mwezi wa tano tulikuwa tunachambua mboga za kupeleka sokoni, mimi na yeye, beseni katikati yetu. Akasema:

«Yaya, kadi za kaka hazirudi tena.»

«Zimepotea?»

«Apana. Nilienda kutafuta mu liste. Ziko. Angalia.» Akanisogezea skrini kwa mkono wenye maji. «Hii ya malakiti, itarudia mwezi ya munane. Hii, mwezi ya kenda. Njo kusema nilizijua muzuri sana. Ukifinya Facile, inaitupa mbali. Na kama ilikuwa imechelewa, inazidisha: inafikiri, huyu hata amechelewa na bado anakumbuka, basi tumwache apumuzike.» Akacheka kidogo. «Mwezi ya munane egzame imekwisha. Kaka amenikimbia.»

Nilitazama majani mikononi mwangu. Nilielewa kila kitu hapohapo, mara moja. Mtihani ulikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Kama ningesema siku ile, angekuwa na mwezi mzima.

Sikusema. Nilisema, «Hayo majani ya chini yameoza, yatoe.»

Naandika sababu, lakini si kwa kujitetea. Yeye ndiye mtu pekee wa mume wangu aliyebaki nyumbani mwangu. Ndugu zao wa Sandoa walikuwa tayari wameuliza kwa nini msichana anakaa kwa mjane asiye damu yao. Nikafikiri, akijua nilimharibia, ataondoka, na nitabaki na chumba. Nilipima chumba changu na Lubumbashi yake, nikachagua chumba. Siku kumi na moja nilichagua hivyo kila asubuhi, nikimtazama ananywa chai.

Shuleni wakawapa jaribio, maswali ya mtindo wa mtihani wenyewe. Alirudi saa saba mchana akakaa mlangoni na sare yake.

«Nimepata arobaini na sita.»

«Ni jaribio tu.»

«Yaya, maswali ile nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kabisa, mbele ya Pasaka! Naona swali, najua iko na kadi yake, najua hata rangi ya daftari, na jibu haiko.» Alijipiga kwenye paji la uso kwa kiganja. «Kichwa yangu iliharibika. Tangu kaka afe, kichwa yangu haiko muzima. Programu inasema najua, na mi sijui. Ni mi njo niko na shida.»

Alijipiga tena. Nilimshika mkono.

«Acha. Kichwa chako ni kizima. Ni mimi.»

Nilimweleza benchi la Manika, namba, kidole. Nilimweleza pia uongo wa simu kuzimwa, na siku kumi na moja. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

«Siku ile ya mboga, ulijua?»

«Nilijua.»

Akainuka, akavua sare, akavaa nguo ya nyumbani. Nilingoja atafute begi lake. Alichukua simu. Alitafuta kwenye orodha kadi zote zilizosukumwa kupita siku ya mtihani, akazirudisha zote kuwa mpya, kana kwamba hajawahi kuziona. Zilikuwa zaidi ya mia tatu, na siku zilibaki kumi na tano.

Siku zile alisema nami maneno ya lazima: chumvi, maji, funguo. Hakuwa na jeuri. Alikuwa na kazi. Kadi ziliporudi kuwa mpya zilianza kurudi kwa wingi, maana kadi changa hudai kuonwa kesho, na keshokutwa, na tena baada ya siku mbili, na zile za wiki nyingine zilikuwa bado zinangoja zamu zao. Alizifanya akipika, akingoja maji bombani, akisubiri teksi-moto, pikipiki ya abiria. Mara moja nilimsikia akicheka kwa sauti ndogo, nikajua kaka yake amerudi. Nilitoka nje.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani nilimuuliza amebakiza ngapi.

«Karibu sabini sikuziona,» alisema. Akaenda. Mtihani ulikuwa wa siku nne, na kila siku nilimpikia, na kila siku alikula.

Matokeo yalikuja kwa ujumbe kwenye simu ileile. Tulikuwa uani pamoja na wanawake wa nyumba za jirani. Alisoma, akanipa nisome. Hamsini na saba.

Wanawake waliona tu kwamba amefaulu. Mmoja alikimbia kuleta poda, desturi yetu kwa anayefaulu, wakammwagia kichwani na mabegani, wakapiga vigelegele, wakanisukumia kopo nami nimwagie. «Mama mukubwa, mwaga! Una diplômée mu nyumba!» Nilimwaga. Poda ilimshika kwenye kope.

«Lakini hii finalisti yetu hacheki,» alisema aliyeleta poda. «Ama ulitaka mia?»

«Nimechoka tu, mama,» alijibu. «Niliwaza mingi.»

Jumapili nilikwenda kwa padri kumweleza kwamba pointi tatu zile huenda ni zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwa na wawili waliovuka sitini, na nafasi moja.

Siku hizi msichana anasomea uuguzi hapa Kolwezi. Bado anakaa nami. Pointi tatu zinaweza kuwa zilitoka kwenye kadi zile sabini, au kwa uchovu, au kwa msiba, au hangezipata hata kwa mwezi mzima. Nimejaribu kuamini hilo la mwisho na sikuweza. Watu wakimuuliza kwa nini hakwenda Lubumbashi, anasema mtihani ulikuwa mgumu mwaka ule. Anasema hivyo mbele yangu, bila kunitazama, na mimi naendelea na ninachofanya. Hajamwambia mtu hata mmoja.