Foleni ya Kusahihishiwa

Darasa langu la Gredi ya Tano, pale Kibomet, Kitale, lilikuwa na watoto tisini na wanne. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini mara ya pili watapungua. Dawati la watatu lilibeba watano.

Wakati wa likizo nilikuwa nasomea diploma Bungoma, na kilichonibakia ni uchunguzi kifani mmoja: nichambue usimamizi wa darasa lililofurika, nipendekeze mbinu zenye ushahidi. Nikianguka, narudia mwaka mzima.

Katika rasimu ya kwanza niliwalaumu watoto, hata nikaambatisha majina ya wapiga kelele, yale kiranja huandika ubaoni. Mkufunzi wangu, mama asiyecheka bure, akanirudishia.

"Mwalimu, haya ni mashtaka. Kelele zinaanza ukifanya nini?"

Niliporudi darasani nikaanza kutafuta. Nikamwomba mwalimu wa Gredi ya Nne akae nyuma vipindi kadhaa, apige alama kila nikikatizwa na aandike nilikuwa katika shughuli gani. Alama nyingi ziliangukia pamoja: wakati wa kusahihisha. Mimi nimeketi, darasa zima limepanga foleni mezani pangu, linasukumana kama mpakani Suam siku ya soko. Foleni ndiyo ilikuwa inapiga kelele.

Nikaivunja. Nikawa nasahihisha nikitembea katikati ya madawati. Kila dawati likapata mgawaji wa vitabu, na waliomaliza wakalinganisha majibu wawili wawili. Nikiinua mkono, anayeniona anainua wake na kunyamaza. Hilo tulilifanyia mazoezi siku nyingi, na aliyefanya vizuri nilimwambia hasa ni nini alichofanya vizuri. Watoto wakadai malipo: hadithi tatu kila Ijumaa. Tukapatana moja, nami nikajifanya nimeumia.

Mwenzangu wa Gredi ya Nne akarudi kupiga alama katika vipindi vya aina ile ile. Alama zilikuwa zimepungua waziwazi. Nikayaandika yote katika rasimu ya pili.

Kisha mkufunzi akaja kujionea. Watoto walisimama, wakamsalimu kwa pamoja, wakaketi kimya kama wako kanisani. Nikavimba kichwa. Akaninong'oneza, "Si wananiogopa tu, bana? Hii siwezi kuipa alama."

Nikamwomba vipindi viwili. Akanipa kimoja. Tukapatana kimoja na nusu.

Akaketi nyuma. Kufikia katikati ya kipindi cha kwanza walikuwa wameshamsahau, minong'ono ikapanda wakilinganisha majibu ya desimali. Hapo mwalimu mkuu akachungulia mlangoni, na mkufunzi akaanza kumweleza kwa sauti uzuri wa utafiti. Nikainua mkono. Mikono ikafuatana, dawati hadi dawati, mpaka sauti ikabaki moja tu, ya mgeni. Msichana wa dawati la mwisho akamgusa kiwiko kwa adabu.

"Madam, mkono."

Akauinua. Alipoushusha, aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniambia rasimu ya kwanza niitumie kuwashia jiko, hii ya pili niilete Bungoma ikiwa imepigwa chapa.