Kadi ya Kaloki

Kavata ndiye huandika kadi zote ofisini kwetu hapa Mutomo. Harusi, mtoto, matanga, ni yeye. Ni karani wa mapokezi, mama wa watoto watatu, mwandiko wake umenyooka, na sukari yake huifungia kwenye droo kwa kufuli kwa sababu haamini mtu. Mimi pia siamini mtu, kwa hivyo tulikuwa tunaelewana. Mpaka ile wiki Kaloki alipopunguzwa kazi.

Kaloki alikuwa dereva wa mradi wetu wa mbuzi. Wafadhili walikata pesa, gari moja likarudishwa, na dereva wake akaenda nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Lakini Mutomo ni ndogo, haki ya Mungu. Siku ya soko watu walikuwa washasema ameuza dizeli ya ofisi. Baba yake, Mzee Kasyoki, ni mzee wa kanisa, na alikuwa ameacha hata kumsalimia. Alisema mtu hafukuzwi bure.

Ofisini nasi tukaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Nani alipeleka jina lake kwa meneja? Mimi nilimshuku Kavata, kwa sababu ndiye humpelekea meneja chai na kukaa huko ndani kuliko chai inavyohitaji.

Kwetu, mtu akiondoka kazini tunaenda kwake na soda na maombi, na kadi inasomwa kwa sauti mbele ya familia yote. Nikamwambia Kavata aandike ile ya kawaida: Mungu ana mpango wake, kila la heri katika safari mpya, na kama ulitukosea tumekusamehe, nawe utusamehe.

Akaweka kalamu chini.

"Mulei, umejisikia? Tumemsamehe nini?"

"Si tunasemanga hivyo kila mara?"

"Kwa mtu anayehamia mji wa Wote na kazi yake, sawa. Huyu amepunguzwa. Mzee Kasyoki akisikia 'tumekusamehe', si itakuwa sisi tumethibitisha ile dizeli? Na safari mpya gani? Ako nyumbani anaangalia ukuta. Mpango wa Mungu asiambiwe na mtu ambaye mshahara wake bado unaingia."

Nikajiuliza huyu mama amejuaje mambo mengi hivi. Kisha akaanza kuzunguka meza kwa meza akiuliza, "Kaloki alikufanyia nini?" Ai! Nikasema sasa anakusanya maneno ya kupelekea meneja. Alipofika kwangu nikajibu sikumbuki.

"Hukumbuki mto ulipofurika?"

Nilikumbuka. Gari lilishindwa kuvuka, chanjo zangu za mbuzi zikawa karibu kuharibika, na Kaloki akangoja maji yapungue kidogo, akajitwika kasha la barafu lenye chanjo kichwani, akavuka kwa miguu. Nilimwambia hivyo kwa shingo upande. Akaandika.

Mchana meneja, Bwana Nderitu, akaitisha kadi. Mlango ulikuwa wazi, nami nikasimama hapo karibu bila haya.

"Kavata, hapa weka kwamba ameamua kutafuta nafasi zingine. Inasikika vizuri."

"Aliamua, Bwana Nderitu?"

"Ni lugha tu."

"Basi andika wewe kwa mkono wako na uweke jina. Itasomwa mbele ya bibi yake na baba yake."

Kisha nikamsikia meneja akisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ofisi kuu walisema aliyeajiriwa mwisho aende kwanza. Mimi sikumchagua. Hakuna aliyemchagua." Kavata akaliongeza hilo kwenye kadi, na meneja akatia sahihi chini. Nami nilikuwa nimemshuku huyo mama bure wiki nzima!

Jumapili tukaenda kwa kina Kaloki. Mzee Kasyoki alikaa mbali na mwanawe, mikono kifuani. Nilipewa kadi nisome kwa kuwa nina sauti.

"Kaloki, pesa za mradi zimekatwa na gari lako limerudishwa. Uliondolewa kwa sababu uliajiriwa mwisho, si kwa kosa lolote. Tumeumia. Ulivuka mto na chanjo kichwani, na mbuzi wa kijiji cha Kandae wakapona. Ukiomba kazi, andika majina yetu tukusimamie. Simu zetu ziko hapa chini."

"Rudia pale pa kosa," Mzee akasema.

Nikarudia.

"Na nani ameweka sahihi?"

"Sisi sote, Mzee. Ya kwanza ni ya meneja."

Aliichukua kadi akaitazama mwenyewe, muda mrefu, kidole kwenye lile jina. Kisha akainuka, akavuka chumba, akamnyooshea mwanawe mkono na kumsalimia. Kaloki akainuka, akaupokea kwa mikono miwili.