Ndoo Tatu za Goweko

Bosi wangu alikuwa na slaidi kwa kila jambo ambalo programu yetu ya simu, ya kusajili mazao ya vyama, iliweza kufanya, na nyingine kwa mambo ambayo bado haikuweza lakini ilikuwa na nia. Alitoka Dar na projekta yake akiibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kabla hatujaanza ziara alinikalisha kwenye ofisi yetu ya Isevya, ofisi yenye meza mbili na mimi, akanieleza kwa upole mwingi kwamba kama chama cha wafuga nyuki cha Goweko kisiposaini, tawi la Tabora lingefungwa nami ningepewa nafasi ya kufungua ukurasa mpya. Nilimshukuru. Ni watu wachache wanaofukuzwa kazi kwa lugha nzuri kiasi hicho.

Tulianza na chama cha Kigwa, kwa kile alichokiita kupasha misuli. Akawasha projekta na kuwatembeza wanachama kwenye menyu, kuanzia juu kushuka chini: usajili, ripoti, grafu za duara, grafu za nguzo, kubadili lugha, kubadili rangi. Rangi aliitendea haki kabisa, akaibadilisha kutoka bluu kwenda kijani na kurudi bluu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mvumilivu kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Samahani baba. Hiyo mashine inakamua asali?"

"Inawezesha mnyororo mzima wa thamani, mzee wangu."

"Kwa hiyo haikamui."

Tulipewa chai na mihogo, tukasindikizwa vizuri mpaka kwenye gari. Kwetu mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Bosi akaniambia njiani kwamba walivutiwa sana, ila slaidi zilikuwa chache.

Mimi nilikuwa nimeshakwenda Goweko wiki iliyotangulia, kwa gharama yangu, maana hofu ya kukosa kazi huamsha bidii ambayo semina haziwezi kuiamsha. Nilikaa na katibu wa chama, mama mmoja wa kanisa la Moraviani mwenye sauti ya kuongoza kwaya, siku ya kupokea asali. Sikumwonyesha kitu. Nilitazama tu. Hapo nikaona jambo ambalo ofisi nzima ya Dar haikuwahi kuliwaza: ndani ya programu yetu kila mfugaji huja mwenyewe, mmoja mmoja, na asali yake, kama watu wanaopanga foleni benki. Goweko hakuna anayekuja hivyo. Anakuja jirani mwenye baiskeli, kafunga ndoo za nyumba kadhaa, yake ikiwa mojawapo. Watu wa njia hii wamebeba mizigo ya wengine tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani, sijui kwa nini tulidhani wangeacha kwa ajili yetu. Majina huandikwa kwa mkaa kwenye ndoo, jasho na umande vinayafuta, kisha asali yote humiminwa kwenye pipa moja.

Katibu alinieleza pia habari ya pipa la msimu uliopita. Mnunuzi alilirudisha limechachuka, asali ilikuwa na maji mengi. Wanachama wakakaa, wakatafuta mwenye kosa, wakampata kwa njia rahisi kuliko zote: wakamchagua mtu mkimya. Alisimamishwa kuleta asali.

"Mlijuaje ni yeye?" nilimuuliza.

"Hakubisha sana," katibu alisema, na hakunitazama usoni.

Basi siku ya maonyesho ilipofika, nilikuwa na mkoba wangu: ndoo tatu ndogo za asali, moja nimeiongezea maji kidogo, stika, printa ya mkononi, na kile kidude cha kupima unyevu ambacho unadondoshea tone la asali kwenye kioo chake na kuchungulia kuelekea mwangani. Bosi aliniahidi dakika chache mwishoni, baada ya rangi.

Ila pale ofisini kwao Goweko tulikuta kuna msiba. Mwenyekiti, mfanyabiashara wa siku nyingi mwenye kofia nyeupe, alipokea shikamoo zetu kwa marahaba ya haraka.

"Wageni wetu, tunakwenda kuzika. Tuonyesheni kitu kimoja, cha muhimu, halafu tuondoke."

Bosi akafungua kompyuta. Akashuka kwenye orodha yake, akapanda, akashuka tena. Nilimwonea huruma, kwa kweli, kwa muda mfupi.

"Vyote ni vya muhimu, mwenyekiti," alisema.

Mwenyekiti akavaa viatu. Ndipo nikabeba ndoo zangu tatu, nikapita mbele.

"Hodi. Mimi ni jirani mwenye baiskeli. Hii ni yangu, hii ya shangazi, hii ya mzee anayeumwa goti. Mtandao leo hakuna." Nikazima mtandao kwenye simu mbele yao, nikamkabidhi katibu. "Mama, nipokee."

Skrini ikamwuliza yenyewe, nami sikuingilia, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Katibu akachagua jina la mwenye asali, siyo la aliyeileta. Hicho kisanduku cha jina la mwenye mali kilikuwepo kwenye programu siku zote, slaidi ya katikati huko, hakuna aliyewahi kukitilia maanani. Printa ikatoa stika, akaibandika ndooni. Akapima unyevu, akauandika. Ndoo yangu ikapita, ya shangazi ikapita, akaziingiza kwenye pipa la ndani ya simu. Ya mzee wa goti ikaleta rangi nyekundu, na simu ikakataa kuiingiza.

"Inarudi kwa mwenyewe," nikasema, "haijagusa ya mtu."

Mwenyekiti alikuwa amekaa tena, viatu miguuni. "Na mnunuzi akirudisha pipa hata hivyo?"

Katibu akagusa namba ya pipa kwenye skrini. Zikatokea ndoo mbili, majina ya wenyewe, na vipimo vyake. Basi. Sikuonyesha grafu hata moja.

Kutoka mlangoni, sauti ambayo sikuwa nimeisikia ikauliza, "Na lile pipa la msimu uliopita, inaweza kusema?"

Nilijua ni yule mkimya kwa jinsi wote walivyoangalia chini. Kazi yangu ilining'inia pale, na jibu tamu lilikuwepo.

"Hapana," nikasema. "Asali ile haikupimwa ndoo kwa ndoo. Hakuna mashine inayoweza kujua ilikuwa ya nani. Wala mtu."

Bosi akasimama upesi. Aliwaarifu kwamba rangi zinabadilishwa. Watu wakasimama, wakaenda kuzika.

Njiani kurudi alinieleza kwamba muuzaji hasemi hapana kamwe, na kwamba nianze kuandaa wasifu wangu. Mwenyekiti alipopiga simu kusema wanachukua, bosi alinipongeza kwa kumsikiliza. Siku hizi ana slaidi mpya inayoitwa Kisa Halisi cha Mteja. Ameiweka mwisho, baada ya rangi.

Chama kilikuwa na sharti moja, nalo halikutuhusu sisi: ndoo ya kwanza iwe ya yule waliyemsimamisha. Siku ya kwanza ya kupokea asali niliitwa kusaidia, nikakuta foleni imesimama, baiskeli zimeegeshwa, hakuna anayesogea. Walikuwa wanamsubiri yeye. Alikuja kwa miguu, peke yake, ndoo begani, hakumpa jirani yeyote aibebe. Katibu akabandika stika, akadondosha tone, akachungulia mwangani, akasoma kipimo kwa sauti yake ile ya kwaya. Asali ilikuwa safi.

Yule bwana hakuondoka. Aliwageukia waliokuwa nyuma yake, kisha akamwomba katibu asome tena.