Mngoni Aliyecheka Maji

Siku niliyoacha kuitwa mwizi, mjukuu wangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Usishangae. Sisi Wangoni na Wangindo ni watani, kwa sababu zamani babu zetu waliwavamia na kuwateka, na vita vile vikaja kugeuka mzaha. Mtani wako akikutukana, ujue umefika nyumbani. Akikwambia "karibu mgeni", basi jiulize umekosa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini, Mwingereza bado anatawala, nimeletwa Temeke na mume wangu aliyekuwa kuli bandarini. Mama yangu yuko Songea, tumbo langu lina miezi saba, na mtaa mzima niliyemzoea ni Bi Somoe, mama mmoja wa Kingindo, mkunga. Kila asubuhi alinipigia kelele uani: "Mwizi wa watu, umeamka?" Nami namjibu hovyo, tunacheka, uchungu wa ugeni unapungua. Nilikuwa na mdomo, sikufichi. Hata sasa ninao, ila siku hizi nauuliza kwanza.

Akafariki kaka yake Bi Somoe, mzee mpole aliyekuwa akisuka mikeka. Msibani mtani ana kazi yake: anachekesha wafiwa, anazuia sufuria, anadai alipwe ndipo maiti itoke. Mie nikajitia hodari. Walipokuwa wanachemsha maji ya kumwoshea marehemu, nikasimama mbele ya sufuria nikasema, "Msimwoshe kwa maji yenu, Wangindo. Mlituletea maji hayo mkasema yanageuza risasi kuwa maji, babu yangu akayanywa, akanyongwa. Mlitudanganya."

Wanawake wakacheka. Vita vya Maji Maji kila mtu alivisikia, na habari niliyopewa mie ilikuwa hiyo tu: watu wajinga walidanganywa na mganga. Bi Somoe hakucheka. Alinitazama, akavuta kanga yake, akasema taratibu, "Ahsante, mgeni wetu. Kaa upumzike."

Mgeni! Kesho yake alinipita uani akaniuliza hali kwa adabu kama mke wa liwali. Siku ya tatu vilevile. Jamani, nilikoma. Nani angenizalisha? Lakini kusema kweli, hata kuliko uzazi, kilichoniuma ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kunitukana.

Nikachukua unga, nikaenda kumwomba radhi. Aliupokea, akaniambia nikae kwenye mkeka wa kaka yake. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza maishani. "Nyinyi mlikuwa mnatuteka sisi. Sasa babu yako, Mngoni mzima, alipoletewa dawa na Wangindo, kwa nini aliinywa?"

Nikamwambia sijui. Ndipo akaanza kunieleza, na mie nikasahau nimekwenda kuomba radhi, nikawa namwuliza hili na lile.

Alikuwa bibi harusi mpya wakati ule, upande wa Kilwa. Mjerumani aliamuru kila jumbe, mkuu wa vijiji, awe na shamba la pamba, na watu wa vijiji vyake walilime. Juu ya jumbe kulikuwa na akida, mtu wa pwani asiye wa kabila lao, na nyuma ya akida askari wenye viboko. Siku za zamu yako unakwenda, mwanamume kwa mwanamke. Malipo yalikuwa madogo hivi kwamba wengine waliyakataa, na kodi ya nyumba bado inakungoja. Lakini aliloniambia kwa hasira, miaka yote ile imepita, ni nguruwe. Palizi ya pamba inakuja wakati mtama wako nao unataka palizi. Ukiwa kwa jumbe, nguruwe na ndege wako shambani kwako. Unarudi na mgongo umevimba, na chakula hakuna.

"Na hayo hayakuwa kwetu tu," akasema. Mmatumbi alikuwa na shamba lake la jumbe, Mzaramo wa Kisarawe, hapa jirani tu, alikuwa na lake. Kila mmoja alidhani msiba ni wa kijiji chake.

Nikamwuliza walijuanaje. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Watu wa makabila mengi, akasema, walikuwa na desturi ya kwenda upande wa Rufiji kuomba mvua na mavuno kwa mizimu ya mtoni. Kwa hiyo mganga wa Ngarambe alipoanza kugawa maji, yamechanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, misafara ilikwenda na hakuna akida aliyestuka. Watu wanakwenda kuombea mazao, kuna ubaya gani? Huko njiani Mngindo analala na Mmatumbi, wanahadithiana, kumbe wote wana alama za kiboko kilekile. Wakirudi, habari inanong'onwa nyumba hadi nyumba. Kisha wajumbe wakaipeleka dawa kwa wasioweza kuja. Umatumbini wakaanza kwa kung'oa miche ya pamba, na kwingine waliposikia, walijua maana yake.

"Mliamini kweli kuhusu risasi?"

"Niliamini. Mume wangu aliamini, na risasi ilimpata. Lakini mwanangu, pamba hatukuing'oa kwa sababu ya maji. Tuliing'oa kwa sababu ya pamba. Maji yalitwambia tuko wengi."

Kisha akaupapasa ule mkeka. Kaka yake, akasema, akiwa kijana alimbebea mjumbe mmoja kibuyu cha dawa hadi Ungoni. Wazee wa huko waliuliza maswali mengi, wengine walisita, hawakulazimishwa. Baada ya vita Mjerumani alichoma maghala, njaa ikaua watu kuliko bunduki, na yule kijana akaishi akijilaumu mpaka uzee. "Wewe umemwita mdanganyifu, naye kalala hawezi kukujibu."

Nililia, mwanangu. Nikamwandikia baba yangu kule Songea kumwuliza habari za babu. Wiki nyingi zikapita. Jibu lilipokuja, nilimsomea Bi Somoe mlangoni pake: kwao pamba haikuwa kero kubwa. Babu alikuwa nduna, mkuu wa vita wa Kingoni, na Mjerumani alimvua amri yake, akamchapa kama mtoto mbele ya wake zake, akamtoza kodi. Aliletewa maji akaambiwa kote wamekunywa. Akanywa, na mpaka kitanzini hakumlaumu Mngindo yeyote.

Bi Somoe aliikunja ile barua, akaomba abaki nayo. Akaniaga kwa adabu, na mie nikarudi kwangu bado mgeni.

Siku tatu baadaye, adhuhuri, uchungu ukanishika. Kabla mume wangu hajafika barabarani kutafuta mtu, mlango ulisukumwa. "Mwizi wa watu! Nyumba nzima hakuna hata maji ya moto?" Nikacheka na kulia pamoja. Akayachemsha mwenyewe, na mama yako alipozaliwa, akamwogesha akisema, "Haya, kitukuu cha nduna, maji ya Wangindo hayo. Hebu mama yako ayacheke tena."

Kwa hiyo mwanangu, ukisikia watu walifuata jambo linalokuchekesha, usianze na kicheko. Uliza walikuwa wamebeba nini mgongoni, na nani mwingine alikuwa amebeba mzigo huohuo. Na utani ni ruhusa ya kucheka na mtu, si ruhusa ya kutomjua.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo niliokurithisha. Akupe na jirani wa kukutukana kila asubuhi, usiwe mgeni popote utakapolala.